PowerPoint ya Kifaransa mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili: slaidi mama, mipito na kutoa faili

Katika PowerPoint yenye menyu za Kifaransa kuna amri mbili ambazo macho ya haraka huzisoma kama moja. Ya kwanza ni Masque des diapositives, na iko kwenye kichupo cha Affichage. Ya pili ni Masquer la diapositive, na iko kwenye Diaporama. Hujitokeza pia ukibofya kulia juu ya picha ndogo ya slaidi upande wa kushoto. Amri ya kwanza inafungua slaidi mama, yaani mahali panapotunzwa sura ya wasilisho zima. Ya pili inaificha slaidi uliyoichagua ili isionekane unapofundisha.

Walimu wengi wanaofundisha Kiswahili Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi hufanya kazi kwenye kompyuta zenye menyu za Kifaransa, huku maelekezo wanayoyapata mtandaoni yakiwa ya Kiingereza. Mwalimu anaambiwa afungue Slide Master, anatafuta neno linalokaribia, anaona Masquer kwenye menyu ya kubofya kulia, anabofya. Hakuna kinachofunguka, basi anadhani kompyuta imegoma na anaendelea na kazi yake. Kesho yake darasani anatoka slaidi ya tatu na kuingia ya tano.

Dalili ya slaidi iliyofichwa ni rahisi kuiona ukishaijua: kwenye safu ya picha ndogo, namba yake imekatwa kwa mstari wa mshazari na picha yenyewe imefifia. Ibofye kulia, chagua amri ileile mara ya pili, mstari unaondoka. Slaidi haikuwa imefutwa. Ilikuwa tu inarukwa.

Nimeanza na mtego huo kwa sababu mengi yanayowasumbua walimu kwenye menyu hizi yako mahali patatu: panapopangwa sura ya slaidi, panapopangwa mwendo wa kutoka slaidi hadi slaidi, na panapotolewa faili ya kuwapa wanafunzi. Tumchukue mwalimu wa Kiswahili Bujumbura anayeandaa somo la ngeli za nomino, slaidi kumi na nne. Anataka nembo ya shule ionekane kila slaidi, kila slaidi iwe na namba, maswali yafuatwe na majibu, na mwishoni wanafunzi wapate kitini cha PDF kisicho na majibu.

Sura ya slaidi

Aingie Affichage, kisha Masque des diapositives. Asipoliona jina hilo, kuna njia isiyohitaji kusoma neno lolote kwenye Windows: chini kulia kwa dirisha kuna ikoni ndogo za mionekano. Ashikilie Shift na kubofya ikoni ya mwonekano wa kawaida, slaidi mama itafunguka, iwe menyu ni za Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu.

Kinachoonekana upande wa kushoto sasa si slaidi zake kumi na nne. Juu kabisa kuna picha moja kubwa kuliko nyingine, na chini yake picha ndogo zilizosogezwa ndani kidogo. Ile kubwa ndiyo slaidi mama. Zile ndogo ni mipangilio, kwa Kifaransa dispositions: wa ukurasa wa jina la somo, wa kichwa na maelezo, wa safu mbili, na kadhalika. Kila slaidi ya somo imeshikamana na mpangilio mmoja, na kila mpangilio umeshikamana na slaidi mama. Kama pindo la kanga linavyozunguka kitambaa chochote kile kilichoandikwa katikati, ndivyo ulichokiweka kwenye slaidi mama kinavyojitokeza kwenye mipangilio yote na slaidi zake zote.

Hapa ndipo watu hupotea hata kwenye lugha wanayoijua. Ukiingia slaidi mama ukitokea kwenye slaidi fulani, PowerPoint haikupeleki kwenye picha kubwa ya juu. Inakupeleka kwenye mpangilio unaotumiwa na slaidi ile uliyotoka. Mwalimu wetu alikuwa kwenye slaidi ya pili, kwa hiyo kinachomfungukia ni mpangilio uitwao Titre et contenu. Akibandika nembo hapo, itaonekana kwenye slaidi zinazotumia mpangilio huo peke yake. Slaidi ya jedwali la ngeli, ambayo aliipa mpangilio wa safu mbili, haitakuwa na nembo. Ukiona nembo iko huku na kule haiko, usianze kuibandika upya slaidi moja moja. Rudi ndani, panda juu mpaka kwenye picha kubwa, ibofye hiyo, ndipo uweke nembo kwa Insertion kisha Images. Ile uliyoiweka kwenye mpangilio ifute, la sivyo mpangilio ule utakuwa na nembo mbili, moja juu ya nyingine.

Huenda baada ya hapo mpangilio mmoja ukaendelea kukataa nembo. Uchague, kisha utazame kisanduku kiitwacho Masquer les graphiques d'arrière-plan. Kikiwa na tiki, mpangilio huo umeambiwa usionyeshe picha zozote zitokazo kwa slaidi mama. Mitindo mingi iliyotayarishwa na wengine huwa na tiki hiyo kwenye ukurasa wa jina la somo. Iondoe ukitaka nembo hapo pia.

Jambo jingine la kukaa nalo ni maandishi yaliyomo ndani ya slaidi mama. Kisanduku cha juu kimeandikwa Modifiez le style du titre. Mwalimu akikifuta na kuandika jina la shule, atakaporudi kwenye somo hataliona popote. Kisanduku kile kinashika mtindo tu: aina ya herufi, ukubwa, rangi, mahali pa kukaa. Maneno yake hayapiti kwenda kwenye slaidi. Jina la shule linalotakiwa kila slaidi liwekwe kwa Insertion, kisha Zone de texte, na hilo litaonekana kote kama nembo. Lakini akibadilisha ukubwa wa herufi ndani ya kile kisanduku cha mtindo, vichwa vyote vya somo vitafuata.

Namba za slaidi zina hatua mbili, na wengi huishia ya kwanza. Kwenye slaidi mama, kwa kawaida chini kulia, kuna kijisanduku chenye alama ‹N°›. Hiyo ni nafasi ya namba, siyo namba yenyewe, na kuwepo kwake hakuileti namba kwenye somo. Toka kwanza kwenye slaidi mama kwa Désactiver le mode Masque, kitufe cha mwisho upande wa kulia. Kisha Insertion, halafu En-tête/pied de page, weka tiki kwenye Numéro de diapositive, na umalize kwa Appliquer partout. Ukibofya Appliquer peke yake, namba itatokea kwenye slaidi moja tu uliyokuwa umeichagua. Usipotaka namba kwenye ukurasa wa kwanza, mumo humo kuna Ne pas afficher sur la diapositive de titre.

Yote hayo yakikamilika, pengine bado kuna slaidi mbili tatu zinazokataa kufuata: herufi za kichwa zina ukubwa wa zamani, au kisanduku kimekaa pembeni. Sababu ni kwamba wakati fulani mwalimu alizirekebisha slaidi hizo kwa mkono, na rekebisho la mkono hushinda slaidi mama. Azichague, aende Accueil, abofye Rétablir, ambacho matoleo mengine hukiandika Réinitialiser. Kitufe hicho kinairudisha slaidi kwenye mpangilio wake bila kugusa maneno yaliyoandikwa. Kiko jirani na kitufe cha Disposition, ambacho ndicho hubadilisha mpangilio wa slaidi.

Kuna swali ambalo huja baadaye, mwalimu anapompa mwenzake faili na mwenzake ana PowerPoint ya Kiingereza: mbona kwake majina ya mipangilio bado ni ya Kifaransa? Majina hayo, pamoja na yale maneno ya Modifiez le style du titre, yameandikwa ndani ya faili yenyewe wakati ilipoundwa. Programu hutafsiri menyu zake; haitafsiri kilichomo ndani ya faili. Kwa hiyo si hitilafu. Ni nafasi nzuri pia: ukiwa kwenye slaidi mama, bofya kulia mpangilio, chagua Renommer la disposition, uuite "Swali" au "Jibu" au "Jedwali la ngeli". Walimu wote wa idara wataliona jina hilo la Kiswahili, kompyuta zao ziwe na lugha gani. Ihifadhi faili hiyo kama kiolezo, aina ya .potx, na kila somo jipya litaanzia hapo.

Mipito

Kichupo cha Transitions hakina maneno mengi, na ukibofya mpito utauona ukichezwa kwenye slaidi, hivyo majina hayakuzuii. Wa kwanza kabisa kwenye safu, Aucune, ndio unaoondoa mpito. Kwa somo la ngeli ningechagua mmoja mtulivu wa kufifia, au nisiweke kabisa. Slaidi inayozunguka kama mchemraba inamfanya mwanafunzi autazame mzunguko wakati alipaswa kulinganisha umoja na wingi.

Shida haiko kwenye kuchagua mpito. Iko upande wa kulia wa utepe huohuo, kwenye Passer à la diapositive suivante. Kuna visanduku viwili: Manuellement, maana yake slaidi isubiri ubofye, na Après, maana yake iende yenyewe baada ya muda ulioandikwa mbele yake. Muda huo mara nyingi unasomeka 00:00,00, na mkato kabla ya sehemu za sekunde ni uandishi wa Kifaransa mahali ambapo kompyuta ya Kiingereza ingeweka nukta.

Mwalimu anayejaribujaribu huweka tiki kwenye Après na kuacha sifuri. Kisha anabofya Appliquer partout akidhani anausambaza mpito tu. Kumbe kitufe hicho hubeba kila kitu kilichowekwa kwa slaidi ile: mpito, sauti, muda wake, na namna ya kusonga mbele. Darasani slaidi zinakimbia zenyewe moja baada ya nyingine, na kurudisha nyuma hakusaidii kwa sababu zinakimbia tena. Dawa ni fupi: toka kwa Esc, rudi Transitions, ondoa tiki ya Après, acha ya Manuellement, bofya Appliquer partout. Slaidi zinazokimbia zikiwa ni chache tu, tafuta tiki hiyo kwenye slaidi hizo.

Ikitokea mbele ya darasa na hakuna muda wa kuhariri, fungua Diaporama, kisha Configurer le diaporama, uchague kusonga kwa mkono. Uchaguzi huo unapuuza muda uliowekwa kwenye slaidi zote bila kuufuta. Utaweza kufundisha kipindi kile na kurekebisha vizuri nyumbani.

Maswali, majibu na kitini

Sasa sehemu ambayo makosa yake huonekana kwa wanafunzi. Mwalimu wetu alikuwa na slaidi ya swali: "Taja wingi wa *ukuta*." Kwenye slaidi hiyohiyo aliweka jibu, *kuta*, ndani ya kisanduku kinachojitokeza akibofya, kwa kutumia kichupo cha Animations. Kwenye projekta ilipendeza. Alipoitoa kama PDF, swali na jibu vilikaa pamoja, na kwenye slaidi nyingine ambako kisanduku cha jibu kilikuwa kimewekwa juu ya mistari ya mazoezi, jibu lilifunika mazoezi.

PDF ni kurasa zilizotulia. Haina mpito wala mwendo wa vitu; huchukua kila kilichomo kwenye slaidi na kukiweka wazi kwa wakati mmoja. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo wakati wa kutoa. Rekebisho liko kwenye namna somo lilivyopangwa: swali liwe slaidi yake, jibu liwe slaidi inayofuata. Chagua slaidi ya swali, bonyeza Ctrl+D ili upate nakala, kwenye nakala acha jibu ila ondoa mwendo wake kwenye Animations, na kwenye ile ya kwanza futa kisanduku cha jibu. Ukifundisha, bofyo moja inakutoa swalini hadi jibuni kama ilivyokuwa kwenye mwendo wa awali.

Na hapo ile amri ya kuficha tuliyoanza nayo inapata kazi yake halali. Kabla ya kutoa kitini, chagua slaidi zote za majibu kwa kushikilia Ctrl, bofya kulia, Masquer la diapositive. Kisha Fichier, Exporter, Créer un document PDF/XPS, na kitufe chenye maneno hayohayo. Linafunguka dirisha la kuhifadhi. Usikimbilie Publier. Bofya kwanza Options, utafute kisanduku cha Inclure les diapositives masquées, uhakikishe hakina tiki. Hicho ndicho kinachoamua kama majibu yataingia kwenye kitini au hayataingia. Ukishapata PDF, ifungue na uhesabu kurasa: slaidi kumi na nne, nne zikiwa za majibu, lazima ziwe kurasa kumi. Zikiwa kumi na nne, majibu yamo. Halafu rudi kwenye somo na uzifichue zile nne, kwa sababu kuficha kumehifadhiwa ndani ya faili na kesho darasani zitarukwa.

Mumo humo kwenye Options kuna orodha ya kuchagua kinachotolewa: slaidi zenyewe, au Documents. Neno hilo la mwisho hapa si faili kwa ujumla. Ni vitini, yaani slaidi kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Ukichagua slaidi tatu kwa ukurasa, PowerPoint huweka mistari ya kuandikia pembeni mwa kila slaidi, na kwa zoezi la ngeli mistari hiyo inafaa sana. Sura ya vitini ina slaidi mama yake, Masque du document, jirani na Masque des diapositives kwenye Affichage. Nembo uliyoiweka upande mmoja haiendi upande wa pili, kwa hiyo ukiitaka juu ya ukurasa wa kitini, iweke huko pia.

Kama faili itatumwa kwa simu, kwenye dirisha lile la kuhifadhi kuna Standard na Taille minimale. Ya pili hupunguza ubora wa picha na kuifanya faili iwe nyepesi. Kwa slaidi za maneno na majedwali tofauti haionekani. Kwa ramani au picha zenye maandishi madogo, fungua uone kama bado yanasomeka kabla ya kutuma.

Video, Créer une vidéo, ni ya somo linalopaswa kujiendesha bila mwalimu, na hiyo hubeba mipito na mienendo. Angalia muda wa kila slaidi: usipobadilisha, ni sekunde 5. Jedwali la ngeli halisomeki kwa sekunde tano. Kwa slaidi nzito weka muda wake kwenye Après, safari hii kwa makusudi, kisha kwenye ukurasa wa video uchague kutumia muda uliorekodiwa. Fanya hivyo kwenye nakala ya faili, si kwenye ile ya kufundishia. Video ikianza kutengenezwa kuna mstari unaojaa chini ya dirisha. Ukiifunga PowerPoint kabla haujajaa, hutapata faili kamili.

Yeyote asiyetaka kuzunguka menyu za kutoa ana kitufe cha F12. Kwenye Windows kinafungua moja kwa moja dirisha la kuhifadhi kwa jina jingine, na kwenye orodha ya aina za faili viambishi havitafsiriwi: .pdf ni ya kitini, .mp4 ni ya video, .potx ni ya kiolezo, na .ppsx ni wasilisho linaloanza kucheza papo hapo likifunguliwa. F5 nayo huanzisha somo tangu mwanzo, na Shift+F5 huanzia slaidi uliyopo. Vitufe vya herufi usiviamini hivyo: wino mzito, ambao Kiingereza huupata kwa Ctrl+B, kwenye Office ya Kifaransa ni Ctrl+G.

Kompyuta ikiwa yako na una intaneti, unaweza kubadilisha lugha ya menyu kwa Fichier, Options, Langue, kisha kuifunga programu na kuifungua tena. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha ambazo Microsoft hutoa pakiti yake ya Office. Kwenye kompyuta ya shule inayotumiwa na wengi, muulize kwanza anayeisimamia. Hata hivyo kuna jambo moja usiliache, hata menyu zikibaki za Kifaransa: PowerPoint ikiichukulia lugha ya matini kuwa Kifaransa, somo lako lote la ngeli litapigwa mistari myekundu. Chagua maandishi, nenda Révision, Langue, Définir la langue de vérification, uchague Kiswahili. Kama kompyuta haina kamusi yake ya kukagulia, weka tiki ya kutokagua tahajia kwenye dirisha hilohilo, na mistari itaondoka.